Shajara ya mradi: kugeuza programu ya 8085 kuwa baiti kwa mkono

Jumamosi, 6 Septemba 2025: programu na vifaa

Shajara hii ni ya yeyote anayejiandaa kwa karatasi ya mikroprosesa katika diploma ya umeme au elektroniki. Kikundi chetu hukutana Kisumu, aghalabu maktabani, na bodi ya mazoezi ikipatikana tunahamia maabara. Swali tulilolichagua ni lile linalokupa programu fupi iliyoandikwa kwa vifupisho vya maagizo, anwani ya kuanzia, na jedwali la opkodi nyuma ya karatasi, kisha likakutaka uandike kila baiti pamoja na anwani yake. Mtahiniwa hana kompyuta wala asembla. Ana kalamu na jedwali tu.

Gharama ni ndogo. Kunakili jedwali la 8085 kulitugharimu shilingi 40, daftari la miraba shilingi 60, na maabara haikututoza chochote. Daftari la miraba si anasa: anwani zikikaa mstari mmoja chini ya nyingine, kosa la kuhesabu huonekana upesi.

Programu tuliyoamua kuifuata hadi mwisho inajumlisha namba tano za baiti moja moja zilizohifadhiwa kuanzia 2050H. Jumla inaweza kuzidi FFH, kwa hiyo kila mara bendera ya CY inapowaka tunaongeza moja kwenye rejista B. Mwishoni baiti ya chini inawekwa 2060H na ya juu 2061H.

```
        ORG 2000H
        LXI H,2050H
        MVI C,05H
        XRA A
        MOV B,A
RUDIA:  ADD M
        JNC RUKA
        INR B
RUKA:   INX H
        DCR C
        JNZ RUDIA
        STA 2060H
        MOV A,B
        STA 2061H
        HLT
```

Tuliichagua kwa sababu ina miruko ya aina mbili. RUDIA iko nyuma ya agizo linaloitaja, kwa hiyo ukifika JNZ tayari anwani yake unaijua. RUKA iko mbele: ukifika JNC bado hujui itaangukia wapi. Mtihani hupenda sana lebo ya aina hii ya pili, na ndiyo iliyotupatia kazi kubwa.

Jumamosi, 13 Septemba 2025: safu ya anwani kabla ya opkodi yoyote

Wengi wetu walikuja na mazoea ya kushika agizo la kwanza, kulitafuta kwenye jedwali, kuandika baiti zake, kisha kuhamia la pili. Mazoea hayo yanakwama kwenye JNC RUKA. Mmoja aliacha pengo akaendelea, mwingine alikisia anwani. Aliyeacha pengo alisahau kurudi kulijaza, na aliyekisia hakuirudia hesabu yake.

Tumebadili utaratibu. Duru ya kwanza ni ya urefu na anwani tu, jedwali la opkodi likiwa limefunikwa. Urefu wa agizo la 8085 unaonekana kwenye kifupisho chenyewe. Agizo linalotaja rejista peke yake, au M, ni baiti moja. Lenye namba ya biti 8 ni baiti mbili. Lenye anwani au namba ya biti 16 ni baiti tatu. Hakuna lenye baiti nne.

Tahadhari ni kwa herufi M. ADD M inafika kwenye kumbukumbu, na baadhi yetu waliipa baiti tatu wakidhani lazima ibebe anwani. Haibebi. Anwani tayari iko kwenye jozi ya HL, kwa hiyo ADD M ni baiti moja sawa na ADD B.

ORG nayo haizalishi baiti. Inaeleza tu mahali pa kuanzia, kama EQU inavyoeleza thamani ya jina na END inavyoeleza mwisho. DB ndiyo tofauti, kwa kuwa inaweka namba zenyewe kwenye kumbukumbu na lazima ihesabiwe.

Safu ya anwani ilitoka hivi:

```
2000  LXI H,2050H    3
2003  MVI C,05H      2
2005  XRA A          1
2006  MOV B,A        1
2007  ADD M          1   RUDIA
2008  JNC RUKA       3
200B  INR B          1
200C  INX H          1   RUKA
200D  DCR C          1
200E  JNZ RUDIA      3
2011  STA 2060H      3
2014  MOV A,B        1
2015  STA 2061H      3
2018  HLT            1
```

Ukaguzi wake ni mwepesi. Jumlisha safu ya urefu: ni 25. Sasa toa anwani ya kwanza kwenye ya mwisho, ongeza moja: 2018H kutoa 2000H ni 18H, ukiongeza moja ni 19H, ambayo ni 25. Hesabu hizo mbili zisipolingana, usiguse jedwali la opkodi kwanza. Kosa liko katika safu hii, na kila baiti utakayoiandika juu yake itakuwa kazi ya bure.

Jumamosi, 20 Septemba 2025: kujaza baiti

Duru ya pili ni ya jedwali. Hapa makosa yalikuwa mawili, na yote mawili tuliyatafutia namna ya kuyanasa bila kompyuta.

La kwanza lilitokana na jedwali la mraba, lile lenye mistari 16 na safu 16. Tarakimu ya kwanza ya opkodi unaisoma pembeni, ya pili unaisoma juu. Ukizibadilisha, MOV B,A ambayo ni 47 inageuka 74. Jedwali halitakulalamikia, kwa sababu 74 nayo ni opkodi halali: ni MOV M,H.

Kinga yake ni kuijua sura ya opkodi za MOV kwa biti. Zote zina umbo 01 DDD SSS, ambapo DDD ni rejista inayopokea na SSS ni inayotoa. Namba za rejista ni B 000, C 001, D 010, E 011, H 100, L 101, M 110 na A 111. Kwa hiyo MOV B,A ni 01 000 111, yaani 0100 0111, yaani 47. MOV A,B ni 01 111 000, yaani 78. Ukisahau mpangilio huo mtihanini, jedwali lenyewe litakukumbusha: angalia MOV mbili tatu, ziandike kwa biti, na umbo litajitokeza. Umbo hilo linaeleza pia kwa nini hakuna MOV M,M. Mahali pake, 01 110 110, ni 76, na wabunifu walimpa HLT.

MVI nazo zina umbo lao, 00 DDD 110. MVI C ni 00 001 110, yaani 0E, na baiti inayofuata ni namba yenyewe. Hapa ndipo tulipoona mtu akiandika 4E, ambayo ni MOV C,M. Vifupisho vinafanana machoni, lakini moja ni baiti mbili na nyingine ni moja. Aliyekwisha kuandika urefu kwenye duru ya kwanza analigundua hapo hapo, kwa maana nafasi ya baiti ya pili inabaki wazi.

Kosa la pili ni mpangilio wa anwani. Katika 8085 baiti ya chini ya anwani hutangulia, ya juu hufuata. LXI H,2050H ni 21 50 20, si 21 20 50. Mpangilio huu ni urithi: 8085 ya mwaka 1976 iliifuata 8080 ya 1974, na nyuma yao kuna 8008 ya 1972, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine iitwayo Datapoint 2200. Mashine hiyo ilikokotoa biti moja baada ya nyingine kuanzia biti ya chini, kwa hiyo ilifaa baiti ya chini ifike kwanza.

Usikubali kuandika anwani moja kwa moja kutoka kichwani. Tunaandika kwanza lebo na thamani yake pembeni, RUKA = 200C, RUDIA = 2007, kisha tunapiga mstari kati ya 20 na 0C, ndipo tunazigeuza. Inachukua sekunde chache kwa kila anwani.

Jibu kamili:

```
2000  21 50 20   LXI H,2050H
2003  0E 05      MVI C,05H
2005  AF         XRA A
2006  47         MOV B,A
2007  86         ADD M
2008  D2 0C 20   JNC RUKA
200B  04         INR B
200C  23         INX H
200D  0D         DCR C
200E  C2 07 20   JNZ RUDIA
2011  32 60 20   STA 2060H
2014  78         MOV A,B
2015  32 61 20   STA 2061H
2018  76         HLT
```

Jumamosi, 27 Septemba 2025: siku ya bodi

Fundi wa maabara alituwekea bodi ya 8085. ROM yake inaanzia 0000H hadi 07FFH na RAM inaanzia 2000H, ndiyo maana programu yetu inaanzia hapo. Unaingiza anwani ya kwanza, kisha unaandika baiti na kubonyeza NEXT, na bodi yenyewe inasogea anwani inayofuata. Jambo hilo dogo lina uzito katika kisa kinachofuata.

Data tuliyoiweka kuanzia 2050H ni 9A, 4F, C3, 28 na 71. Tuliihesabu kwanza kwa karatasi. 9A na 4F ni E9, bila CY. Ukiongeza C3 inakuwa AC na CY inawaka. Ukiongeza 28 ni D4. Ukiongeza 71 ni 45 na CY inawaka tena. Jibu ni 0245H, yaani 581, kwa hiyo 2060H itasoma 45 na 2061H itasoma 02. Karatasi iliyo sahihi ilitoa hivyo hivyo.

Kisha tukaingiza karatasi ya mwenzetu ambayo wote tuliiangalia tukaiona safi. 2061H ilisoma 00, na 2060H ilibaki na kitu kilichokuwamo tangu mwanzo. Tulilinganisha baiti 25 na zetu. Tofauti ilikuwa moja tu: mahali pa D2 0C 20 yeye alikuwa na D2 12 20.

"Ndugu, hiyo 12 umeitoa wapi?" fundi akamuuliza.

"RUKA iko 2012, mwalimu. Nimehesabu."

Alikuwa amehesabu kweli, ila baada ya 2009 aliandika 2010. Katika heksadesimali baada ya 9 huja A, kwa hiyo baada ya 2009 ni 200A, na 2010 iko mbali: inafuata 200F. Kuanzia hapo kila anwani yake ilizidi kwa sita. INR B ikawa 2011, RUKA ikawa 2012.

Kwa nini baiti nyingine zote zilikuwa sahihi? RUDIA ni 2007, kabla ya kosa, kwa hiyo JNZ haikuguswa. Anwani za STA zilitolewa na swali. Na kwa kuwa bodi husogeza anwani yenyewe, kila baiti iliingia mahali pake halisi hata kama safu yake ya karatasi ilisema vingine. Kosa la kuhesabu linalobadilisha mistari mingi ya karatasi lilibakiza alama moja tu kwenye kumbukumbu, ndani ya lebo ya mbele.

Fundi alitutaka tuifuate prosesa hatua kwa hatua, na hiyo ndiyo saa iliyotufaa kuliko zote katika mradi huu. ADD M ya kwanza inatoa 9A bila CY, kwa hiyo JNC inaruka papo hapo hadi 2012H. Pale hakuna mwanzo wa agizo. Ni baiti ya pili ya STA 2060H, ambayo ni 60. Prosesa haijui kwamba hiyo ni sehemu ya anwani. Inaisoma kama opkodi, na 60 ni MOV H,B. Inayofuata ni 20, ambayo katika 8085 ni RIM, agizo la kusoma hali ya vizuizi vya ukatizaji kuingia A. Kisha 78, MOV A,B, na B bado ni sifuri. Kisha STA 2061H inaandika 00, na HLT inasimamisha kazi. STA 2060H haikutekelezwa kamwe, ndiyo maana 2060H haikubadilika.

Kwa hiyo tumepata dalili ya kuikumbuka: programu ikisimama vizuri lakini sehemu moja ya matokeo haikuandikwa kabisa, shuku mruko ulioangukia katikati ya agizo. Mtihanini huna bodi, lakini unaweza kukagua jambo lile lile kwa macho. Chukua kila anwani iliyo ndani ya mruko, itafute kwenye safu ya kushoto. Isipokuwemo kabisa, imeangukia katikati ya agizo. Katika safu iliyo sahihi hakuna mstari wa 2012. Kuna 2011 kisha 2014.

Ukaguzi huo una mpaka wake. Mwenzetu angeufanya kwenye karatasi yake mwenyewe, 2012 angeikuta, maana safu yake nzima ilipotoka pamoja. Kinachomnasa yeye ni ule ukaguzi wa 13 Septemba: karatasi yake iliishia 201E badala ya 2018, na 1EH ukiongeza moja ni 31, wakati urefu ni 25.

Kabla ya kuondoka tulijaribu makusudi makosa ya 20 Septemba. 74 mahali pa 47 iliharibu data: MOV M,H iliandika yaliyomo katika H, yaani 20, juu ya 9A pale 2050H, kabla jumla haijaanza. 2060H ikasoma CB, ambayo ndiyo baiti ya chini ya jumla ya 20, 4F, C3, 28 na 71. B nayo haikusafishwa, kwa hiyo 2061H haikutegemewa. Ukiona namba ya kwanza ya data imegeuka yenyewe, tafuta MOV inayoandika kwenye M bila kuombwa. Na JNZ ikiandikwa C2 20 07, prosesa inarukia 0720H, ndani ya ROM ya bodi yenyewe. Hapo programu yetu imetoka mikononi mwetu, na dawa ni kitufe cha RESET.

Jumatano, 1 Oktoba 2025: namba

Kipindi kifupi, stima ilipotea mapema. Swali likisema MVI C,10 bila H, hiyo ni kumi ya kawaida na baiti zake ni 0E 0A. Likisema 10H ni 0E 10, na mzunguko utaenda mara 16. Na 0C3H ni baiti moja, C3. Sifuri ya mbele huwekwa ili asembla isidhani C3H ni jina. Haiingii kwenye kumbukumbu.

Jumamosi, 11 Oktoba 2025: jedwali likiwa la Z80

Baadhi ya maswali tuliyokusanya yanatumia Z80, nayo pia ni ya 1976. Iliundwa iweze kuendesha programu za 8080, na kwa kuwa hatukutumia RIM wala SIM, baiti zetu 25 zingefanya kazi humo bila kubadilishwa. Vifupisho tu ndivyo vinavyoitwa vingine. Ila Z80 ina miruko ya karibu, JR, inayobeba umbali badala ya anwani. Tuliibadilisha JNZ pekee iwe JR NZ, na kuifanyia kazi kwa karatasi kwa kuwa bodi yetu ni ya 8085.

JR NZ ni 20 ikifuatwa na baiti moja ya umbali. Umbali unahesabiwa kutoka agizo linalofuata, si kutoka JR yenyewe. JR iko 200E, ina baiti mbili, kwa hiyo agizo linalofuata liko 2010. Kurudi 2007 ni kutoa 9. Tisa ni 0000 1001. Geuza biti zote, 1111 0110. Ongeza moja, 1111 0111, yaani F7.

```
200E  20 F7      JR NZ,RUDIA
2010  32 60 20   LD (2060H),A
2013  78         LD A,B
2014  32 61 20   LD (2061H),A
2017  76         HALT
```

Programu sasa ina baiti 24. Kosa lililojitokeza kwa wengi ni kuhesabu kutoka 200E: kutoa 7, yaani F9. Tulifuata matokeo yake. Prosesa inarudi 2009, katikati ya mruko wa D2 0C 20. Inasoma 0C, ambayo ni INC C, na C iliyokuwa imeshuka hadi 4 inapanda tena hadi 5. Kisha inasoma 20 04, ambayo humu si RIM tena bali ni JR NZ ya kwenda mbele hatua 4, kutoka 200C hadi 2010. Mzunguko umekwisha baada ya namba moja. 2060H inasoma 9A, 2061H inasoma 00, na programu inasimama kwa utulivu. Jibu likiwa sawasawa na namba ya kwanza ya data, kagua umbali wa JR kwanza.

Kwa atakayekutana na Motorola 6800: miruko yake ya karibu inahesabiwa vile vile, kutoka agizo linalofuata, lakini anwani za biti 16 huandikwa baiti ya juu ikitangulia. Soma jina la prosesa juu ya jedwali kabla ya kugeuza anwani yoyote.